Waya Mweusi wa Kanisani

Walisema sitaweza. Walisema diploma yangu ya umeme, niliyoipata Eldoret kwa jasho langu, kule Maryland ni ya kupamba ukuta, na kwamba mtu anayeogesha wazee kwa zamu asijifanye fundi. Leo nina duka langu la mitambo nyumbani, na mafundi wawili wananiita bosi, kwa hiyo naweza kusimulia bila haraka.

Kanisa letu la Laurel lilikuwa na majengo mawili: kanisa lenyewe, lenye ngazi nyingi mbele, na ukumbi wa chakula ng'ambo ya maegesho. Wasioweza ngazi walikaa ukumbini pamoja na akina mama wa jikoni, wakifuata ibada kwenye televisheni. Picha ilitoka kwenye kamera ya kanisani kwa waya wa netiweki uliopita kwenye uzio wa mbao. Waya huo ulikuwa wa zambarau, rangi ya sare za kwaya. Mama mwenyekiti wa mapambo ndiye aliyeuchagua.

Ulikuwa wa kutumia ndani ya nyumba. Kiangazi kimoja kikatosha: jua lililipasua ganda, mvua ikaingia, na radi ya kwanza ikaunguza swichi, vile visanduku vya kugawa netiweki, za pande zote mbili. Basi bibi harusi mmoja akala kiapo huku ukumbi mzima unatazama kioo cheusi.

Sasa ilikuwa zamu ya binti wa mwenyekiti mwenyewe. Mama mzazi wa mwenyekiti, bibi yake bibi harusi, alikuwa amesafiri kutoka Kisii, na magoti yake hayakuweza ngazi zile. Alitaka kumwona mjukuu akiapa, na kubebwa ngazini kwenye kiti kama gunia alikataa.

Nikajitolea. Nikaleta waya wa nje, mweusi tii.

"Mwanangu," mwenyekiti akasema, "hii ni harusi au matanga?"

"Mama, weusi huo ndio dawa. Umechanganywa masizi ili jua lisile ganda."

"Hawana masizi ya zambarau?"

Ndugu mmoja aliyefanya kazi kwenye majumba ya kompyuta kule Sterling alikuwa ameegemea gari lake. "Pale inafaa fiber, waya wa nyuzi za kioo," akasema. "Ile haibebi umeme kabisa."

Alisema kweli. Nikamwambia ailete, akakumbuka ana safari. Lakini ngazi yake aliniazima. Koleo la kubania vichwa vya waya niliazimwa na papa mmoja, mzee Mkongo wa Silver Spring, akiniapisha nisilipoteze. Mwenyekiti akasema, "Mimi nakuazima imani. Ujue si zawadi, utarudisha."

Kila mahali waya ulipoingia jengoni niliulegeza ukaning'inia kidogo kabla ya tundu, ili maji yadondoke nje. Papo hapo ndani nikafunga kinga ya umeme, kidude cha ukubwa wa kiberiti, na waya wake wa kijani nikauunganisha na waya wa ardhi wa jengo lile. Bila waya wa kijani, kile ni pambo tu. Kutoka hapo hadi kwenye swichi nikatumia waya wa ndani, maana ganda la ule mweusi hushika moto upesi, halifai kuzungukazunguka ndani ya nyumba. Nilipomaliza, mwenyekiti akapita akiufunga riboni za zambarau kwenye uzio mzima. Nikakunja ngazi. Fundi mkubwa huchagua vita vyake.

Siku ya harusi, maharusi wakachelewa kama kawaida yetu, mvua ikawahi. Radi ikapiga mti nyuma ya ukumbi. Taa zikapepesa, picha ikapotea.

"Diploma imezimika," akasema yule wa Sterling, sahani mkononi.

Bibi aligeuza kiti chake, akanitazama mimi badala ya televisheni. Afadhali angenitukana.

Nikaenda kwenye tundu la ukutani. Kidude cha upande wa ukumbi kilinuka kuungua: mshtuko ulikuwa umeishia kwake. Nilikuwa na cha akiba mfukoni, kwa sababu mimi si mtu wa kubahatisha. Nikachomoa waya mbili, nikazichomeka kwenye kipya, nikakaza ule wa kijani. Swichi ikapepesa kijani, nzima kabisa. Picha ikarudi mjukuu akiwa katikati ya kanisa, bado anatembea.

"Mbona anatembea polepole hivyo," bibi akasema, "kama mtu ambaye hajapikiwa chakula?" Kisha akavua miwani akaifuta, akaivaa tena, akatazama mpaka kiapo kilipoisha.

Jumatatu nilirudisha vitu vya watu. Ngazi Sterling, ambako mwenyewe aliniuliza, akitazama pembeni, kama ningeweza kumvutia waya hadi kwenye banda lake la magari. Koleo Silver Spring. Papa alilikagua kama anayekagua mtoto aliyetoka shule. Mwisho nikapita kwa mwenyekiti.

"Imani yako, mama. Nimeirudisha."

"Weka hapo mezani," akasema, akinipakulia wali. "Na zile riboni usiguse."