Siku Niliyobonyeza Kitufe cha Diai

Boksi lenyewe lilikuwa dogo, la chuma cheusi, linakaa kiganjani kama kipande cha sabuni ya kufulia. Mafundi wa muziki tunaliita diai. Nililinunua baada ya kuchoka kulaumiwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nakodisha spika, mixa na maiki kwenye harusi za Nachingwea na vijiji vyake, na kila mara gitaa ndilo lililoniaibisha. Sauti inayotoka kwenye gitaa la umeme ni dhaifu, ina ukinzani mkubwa, na ukiitembeza kwenye waya mrefu mpaka kwenye mixa inafika imefifia na imeokota kila kelele iliyokutana nayo njiani. Diai ina transfoma ndogo ndani. Inashusha ule ukinzani, halafu inaipeleka sauti kwenye nyaya mbili, moja kinyume cha nyingine. Kelele ikiingia njiani inaingia kote kuwili sawasawa, na mixa ikichukua tofauti ya nyaya hizo mbili, kelele inajifuta, muziki unabaki.

Nilijigamba nalo sana. Nilimwonyesha binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye ndiye mpiga gitaa na mwimbaji niliyekuwa nafanya naye kazi. Kwetu binamu ni mtani, hakuna anachokisema akakuudhi, na mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo hiyo ni bahati yake. Aliligeuzageuza akasema, "Pesa yote hii kwa kopo la dawa ya viatu?"

"Subiri Ruangwa," nilimwambia. "Utanipigia magoti."

Harusi ilikuwa ya watu wa ufuta, na msimu ulikuwa umewakubali. Tulipakia vyombo kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, asubuhi, tukafika Ruangwa tukiwa wekundu kwa vumbi, na baada ya adhuhuri nilikuwa nimeshafunga kila kitu ukumbini. Gitaa liliingia kwenye diai. Kutoka kwenye diai waya mmoja mfupi ulienda kwenye amplifaya ya binamu ya jukwaani, ili ajisikie, na mwingine mrefu ulipita ukutani mpaka kwenye mixa yangu mlangoni. Wapishi walikuwa wanamenya vitunguu kwenye baraza, na wanawake wa upande wa bibi harusi walishakaa kwenye mikeka mbele wakisubiri mazoezi kama vile ndiyo shughuli yenyewe.

Nikawasha. Spika zote zikanguruma.

Haukuwa mngurumo mdogo. Ulijaa ukumbi mzima, na wale wanawake wakaanza kucheka. Binamu akainama kwenye maiki, akatangaza kwamba fundi wa Nachingwea ameleta mashine ya kusaga. Masikio yalinichemka. Nilijua dawa yake, maana nilikuwa nimeisoma kwenye karatasi iliyokuja na boksi: pembeni kuna kitufe kidogo kinachokata njia ya ardhi kati ya gitaa na mixa. Vyombo viwili vikiwa vimeunganishwa ardhini kwa njia mbili, vinazungushiana mngurumo. Ukibonyeza, mzunguko unakatika.

Nilipanda jukwaani, nikapiga magoti mimi badala yake, nikabonyeza.

Kimya. Kimya safi kabisa, mpaka ukasikia visu vya wapishi nje. Nilisimama nikawatazama wale wanawake mmoja mmoja. Binamu alipiga nyuzi mara moja, gitaa likaita vizuri kuliko lilivyowahi kuita, akatikisa kichwa kukubali, akasogeza mdomo kwenye maiki aimbe.

Alitoa sauti ambayo sikuijua. Kichwa kilirudi nyuma, mkono wa kushoto ukakaza kwenye shingo ya gitaa, akaanguka chali akiwa amelikumbatia na stendi ya maiki imemwangukia kifuani. Watu wakacheka tena, wakapiga na makofi, kwa sababu binamu ana tabia ya kujiangusha jukwaani wimbo ukikolea. Hata mimi nilicheka. Ninasema hivi kwa aibu: nilicheka kwa muda wa kuvuta pumzi moja hivi. Halafu niliona vidole. Havikuwa vinabonyeza nyuzi, vilikuwa vimezing'ang'ania, na miguu inatetemeka.

Sikumgusa. Namshukuru Mungu kwa akili hiyo moja niliyobaki nayo. Niliruka mpaka kwenye ekstensheni, nikaing'oa ukutani, na vidole vikalegea.

Hospitali walimpima moyo, wakamlaza. Mdomo ulikuwa umevimba, na kwenye ncha za vidole vya kushoto kulikuwa na alama nyeupe, mistari iliyonyooka, pale nyuzi zilipokuwa. Daktari alisema ataishi. Kuhusu mkono alisema tusubiri. Shangazi alikuja kutoka Mnero kwa bodaboda, akanishika mikono yote miwili mbele ya watu, akaniombea dua kwa kuwa nimemwokoa mwanawe. Niliipokea ile dua. Nilikuwa bado sijui.

Siku iliyofuata nilirudi ukumbini na testa, nikaifungua ile amplifaya. Transfoma yake ya umeme ilikuwa imeingia unyevu, na moto, yaani umeme, ulikuwa unavuja kwenye bodi la chuma. Bodi la chuma limeungana na nyuzi za gitaa. Kisha nikaifungua plagi. Waya wa kijani na njano, ule wa ardhi, ulikuwa umekatwa karibu kabisa na ganda na kufungwa kwa gundi ya utepe ya bluu. Nilikaa chini sakafuni. Gundi ile ni yangu. Mimi ndiye niliyeukata, miaka mingi nyuma, ili kuondoa mngurumo, kama tulivyofundishana mafundi wote niliowajua: waya wa kijani unaleta kelele, ukate.

Kwa hiyo ule mngurumo uliowachekesha watu ulikuwa ni moto unaovuja, ukitafuta ardhi kupitia waya wa gitaa, kupitia diai, mpaka kwenye mixa. Hiyo ndiyo njia pekee niliyokuwa nimeuachia. Boksi halikuwa na kosa lolote, lilifanya nililoliambia. Nilipobonyeza, njia ikafa, na moto ukabaki kwenye nyuzi kumsubiri mtu atakayegusa maiki, ambayo yenyewe ilikuwa bado imeungana na ardhi ya mixa.

Nilipigwa na butwaa kiasi kwamba mlinzi wa ukumbi aliniuliza kama na mimi nimepigwa shoti.

Nilimweleza binamu wodini jioni hiyo hiyo, nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona sistahili kiti. Nilimwambia kila kitu, waya na kitufe. Nilitegemea matusi, na ningefurahi kuyapata. Alikuwa anajaribu kukunja vidole vya kushoto, kimoja kimoja. Kidole kidogo kilikataa.

"Umekata ngapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Nyaya hizo. Wewe si ndiye fundi wa ukoo mzima?"

Sikuwa nimefika huko. Nilianza kuhesabu. Amplifaya ya msikiti, ambayo muadhini anaiwasha kabla ya kusogeza mdomo kwenye maiki. Pasi ya fundi cherehani. Friji ya shangazi, niliyoibadilishia waya nikamwekea wa nyaya mbili, nikamwambia wa tatu hauna kazi. Shangazi alishaondoka mchana kurudi Mnero, na nyumbani kwake anatembea pekupeku.

Binamu alinisukumia simu yake kwa mkono wa kulia.

"Anza na mama," alisema.

Iliita mara nne. Shangazi alipokea, na kabla sijafungua mdomo alianza upya kunishukuru. Alisema nisubiri kidogo, yuko jikoni, anafungua friji atoe maji.

"Shangazi, usiguse!" nilipiga kelele mpaka wagonjwa wakageuka. "Usiguse! Ni mimi niliyemuua mwanao."

Binamu, aliye hai kitandani, hakunisahihisha.