Uso Uliosuguliwa Mferejini

Bitutu alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa huko Nyansiongo, na watu wa pale walimjua kwa mambo mawili: maziwa yake hayakuwahi kukataliwa kwenye kituo cha kukusanyia, na mdomo wake haukujua kunyamaza akiona mtu anaonewa. Mumewe, Anyona, alikuwa akimwambia, "Wewe utakuja kugombana hata na mvua." Naye alikuwa akijibu kwamba mvua ikinyeshea watoto wake kwa makusudi, atagombana nayo.

Siku ambayo binti yake Kemunto alirudi kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, Bitutu alikuwa akiosha debe la maziwa mlangoni. Aliinua macho, na debe likamtoka mkononi.

Kemunto alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Kisii. Aliondoka nyumbani akiwa na chunusi chache kwenye paji la uso, kama msichana yeyote wa umri wake. Sasa mashavu yalikuwa mekundu kama yaliyoungua, ngozi imebanduka magamba kuzunguka pua na kidevu, na chunusi zimejaa hadi taya. Ajabu ni kwamba juu ya ukavu huo wote, paji la uso na pua vilikuwa vinang'aa mafuta.

"Nani amekufanya hivi?" Bitutu aliuliza kwa Ekegusii. "Umepaka nini?"

Kemunto aliangalia chini. "Sijapaka kitu, mama. Hiyo ndiyo shida. Wanasema nimepaka."

Habari ilitoka polepole, huku msichana akikunja na kukunjua ukingo wa sweta. Shuleni mafuta ya manukato na vipodozi vilikuwa marufuku. Matroni, Bi Nyakerario, alikuwa na desturi ya kupita kwenye gwaride la asubuhi akitazama nyuso. Uso wa Kemunto ulikuwa wa mafuta kwa asili, kama wa shangazi zake, na ukishapigwa na jua kidogo tu unang'aa. Matroni alimtoa mstarini. Akampeleka mferejini nyuma ya jikoni, akampa kipande cha sabuni ya kufulia na dodoki, akamwambia asugue mpaka uso "ulie" kama sahani iliyotakata. Wenzake walipita wakienda kupata uji, wakicheka.

"Nikamaliza, uso ukabana kama ngozi ya ngoma," Kemunto alisema. "Akaniambia sasa ndio niko safi. Lakini kabla ya mapumziko ya saa nne, ulikuwa umeng'aa tena. Kuliko mwanzo."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake akanitoa tena. Akasema nina kichwa kigumu."

Ikawa hivyo karibu kila wiki. Kwa kuogopa kuitwa mferejini, Kemunto alianza kujisugua mwenyewe: asubuhi, mapumziko, saa za chakula, kabla ya kulala. Msichana mmoja akamletea spiriti kwenye pamba. Mwingine akamwambia limau linakata mafuta. Vyote alijaribu. Vyote vilichoma, vikaacha uso mkavu kwa muda mfupi, kisha mafuta yakarudi kwa fujo. Kila yaliporudi, alisugua zaidi.

Bitutu alisimama pale akiwa bado ameloa maji ya debe. Chuchu za ng'ombe wake aliziosha kwa maji ya uvuguvugu, akazikausha kwa kitambaa laini, akazipaka mafuta yake ili zisipasuke. Ng'ombe! Na mtoto wake, aliyempeleka kwa watu waliosoma wamlee, anasuguliwa uso kwa sabuni ya kufulia kama sufuria iliyoungua.

"Kesho tunaenda Kisii mjini," alisema.

Kliniki ya ngozi ilikuwa orofa ya pili, juu ya duka la nguo. Aliyewapokea alikuwa Daktari Syprose Achola, mama wa makamo kutoka upande wa Homa Bay, mwenye sauti ya upole. Kwa kuwa hakujua Ekegusii, walizungumza Kiswahili, na Bitutu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alisikiliza kila neno.

Achola alimweka Kemunto karibu na dirisha. Hakumshika kwa nguvu. Alichukua karatasi nyembamba ya tishu, akaibonyeza taratibu kwenye paji la uso, akamwonyesha doa la mafuta. Kisha akagusa shavu kwa ncha ya kidole, na Kemunto akaruka kwa uchungu.

"Unaona, mama," Achola alisema, "huyu mtoto ana mafuta mengi na ukavu, yote mawili kwenye uso mmoja. Watu wanadhani haiwezekani. Inawezekana kabisa, na hivi ndivyo inavyotengenezwa."

"Inatengenezwaje?"

"Mafuta yanatoka kwenye vitezi vilivyo chini ya ngozi. Katika umri huu homoni ndizo zinazoviamuru. Sabuni haifiki huko. Sabuni kali inaishia juu, na pale juu inabomoa ukuta unaozuia maji ya ngozi yasipotee. Ukuta ukibomoka, ngozi inakauka, inawaka, inavimba. Na vitezi havijazimwa. Vinaendelea kutoa mafuta, na ngozi ikishachokozwa hivi, mafuta yanaonekana kuzidi badala ya kupungua. Yale magamba yaliyokauka nayo yanaziba vitundu, mafuta yanakwama humo, chunusi inaota. Mtu akiona hivyo anasugua tena. Anazunguka tu."

"Lakini uso ukibana si ndio umetakata?" Kemunto aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, binti yangu. Uso ukibana baada ya kuosha, jua umeuumiza. Uso uliooshwa vizuri hausikii chochote."

Akawaeleza la kufanya. Sabuni ya kufulia, dodoki, spiriti, limau, vyote viachwe siku hiyo hiyo. Uso uoshwe asubuhi na jioni, na baada ya kutoka jasho jingi, kwa sabuni ya maji isiyo kali, kwa vidole tu, kwa maji ambayo si ya moto. Ukaushwe kwa kugusagusa na taulo safi. Kisha losheni nyepesi isiyoziba vitundu.

Hapo Bitutu alishtuka. "Daktari, mafuta juu ya mafuta?"

"Losheni hii haina uzito wa mafuta ya kopo, mama. Inarudisha maji na kusaidia ule ukuta ujengeke. Mwenye ngozi ya mafuta anaihitaji pia. Kwanza tuiache ngozi ipone. Ikishatulia nitampa jeli ya chunusi, kidogo sana, usiku mmoja apake na mwingine aache, mpaka ngozi izoee. Mchana ajikinge na jua. Na msitegemee miujiza wiki ijayo. Hii ni kazi ya miezi. Uso wake utabaki wa mafuta kiasi, ndivyo alivyoumbwa. Tunachotaka ni uso usiouma."

Achola aliandika cheti cha daktari kueleza dawa hizo, akakipiga mhuri.

Kemunto alirudi shuleni na chupa zake mbili, ya sabuni na ya losheni. Jumapili iliyofuata alipiga simu kwa simu ya mwalimu wa zamu, akilia. Matroni alikuwa amezichukua. Alisoma cheti, akasema vipodozi ni vipodozi hata vikiandikwa na daktari, na kwamba wasichana wa siku hizi wanajua kununua mihuri.

Anyona alijaribu kusema wasubiri mkutano wa wazazi. Bitutu alikamua ng'ombe asubuhi, akavaa gauni lake la kanisani, akaenda.

Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Josiah Ochoki, alimpokea ofisini kwa heshima, akamkaribisha kiti. Bitutu hakukaa.

"Mwalimu, nataka dawa za mtoto wangu."

"Mama Kemunto, tulia kwanza. Shule ina sheria. Tukiruhusu mmoja, kesho bweni lote linanukia kama saluni."

"Ile losheni hainukii. Umeinusa?"

Ochoki alikiri kwamba hajainusa. Akaagiza matroni aitwe. Bi Nyakerario aliingia akiwa na chupa hizo na cheti kwenye mfuko wa plastiki, akaviweka mezani kama mtu anayeleta ushahidi wa wizi.

"Mimi nawalea hawa watoto kwa usafi," alisema kabla hajaulizwa. "Uso unaong'aa hivyo si wa bure. Na ukiusugua unakauka, kwa hivyo ni kitu amepaka."

"Unakauka, halafu?" Bitutu aliuliza. "Baada ya masomo mawili unakuwaje?"

Matroni akaanza kuukunja ule mfuko wa plastiki.

"Unang'aa tena. Ulimtoa wewe mwenyewe, ukamsugua wewe mwenyewe, ukamwona anaenda darasani bila kitu. Sasa hayo mafuta ya pili aliyapaka saa ngapi? Darasani, mbele ya mwalimu? Hukujiuliza hata siku moja?"

Jua lilikuwa limepiga bati la ofisi tangu asubuhi, na joto lilikuwa jingi. Bitutu alimgeukia Ochoki.

"Na wewe mwalimu, uso wako unang'aa sasa hivi. Pua yote. Nani amekupaka? Nikupeleke mferejini?"

Ochoki alitoa leso, akajifuta, kisha akaangalia ile leso. Hakucheka.

"Nina ng'ombe nyumbani," Bitutu aliendelea. "Nikiona mfanyakazi anawaosha kwa sabuni ya kufulia, namfukuza siku hiyo. Nyinyi mmefanya hivyo kwa uso wa mtoto, mbele ya wenzake, mkaita usafi. Na alipoletewa dawa, mkamnyang'anya. Niambieni ni sheria gani hiyo, niisome."

Ochoki alichukua cheti, akakisoma pole pole, akakisoma tena, akampigia Daktari Achola kwa namba iliyokuwa juu. Alisikiliza kwa muda, akiitikia tu "ndiyo, daktari." Alipomaliza, akasukuma chupa kuelekea kwa Bitutu.

"Zitakaa kwa muuguzi wa shule, Kemunto azitumie asubuhi na jioni," alisema. "Na Matroni, mambo ya mferejini yakome. Kwa wote."

"Kwa wote wangapi?" Bitutu aliuliza. Hapo ndipo alipojua kuwa binti yake hakuwa peke yake. Kabla ya kuondoka alipita bwenini, akaona nyuso nyingine zilizobanduka, wasichana wa watu waliodhani kwamba ni wachafu. Aliketi kitandani na mmoja wao aliyeshika kipande cha limau, akamwambia atupe limau lile.

Uso wa Kemunto ulichukua muda. Uwekundu uliondoka kwanza, magamba yakafuata. Jeli ilimchoma kidogo mwanzoni, Achola akamwambia apunguze, na taratibu chunusi zikapungua, ingawa baadhi ziliacha madoa meusi ambayo yangehitaji mwaka au zaidi kufifia. Mchana bado aling'aa. Aliacha kuficha uso kwa kitabu.

Kwenye mkutano wa wazazi wa muhula uliofuata, Bi Nyakerario alimsogelea Bitutu kwenye foleni ya chai, akanyoosha mkono.

"Mama Kemunto, tusameheane. Nilikuwa nafanya kazi yangu."

Bitutu aliuangalia ule mkono. "Si mimi uliyenisugua. Mwambie yeye."

Jioni, wakielekea langoni, alimuuliza Kemunto kama matroni alikuja.

"Alikuja."

"Akasema nini?"

"Akasema siku hizi nimekuwa msafi."

Bitutu alisimama katikati ya njia, akageuka, akaanza kurudi.