Zaidi ya Mia

Mkuu wetu wa maabara alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko mke wake: ukifika mia, simama. "Hatuhesabu mchele hapa," alikuwa akisema, nasi tunacheka, maana bosi akitania lazima ucheke. Unaweka kioo chini ya darubini, unahesabu mayai ya minyoo, ukigonga mia unaandika "zaidi ya 100" na kuchukua kioo kingine. Jioni yeye mwenyewe anapiga wastani. Yale ya "zaidi ya 100" anayaacha nje ya hesabu, kwa sababu, alisema, hiyo si namba, na kisicho namba hakijumlishwi.

Nami nilikuwa hodari wa sheria hiyo. Nilimaliza vioo vingi kwa siku kuliko wenzangu wote na nikasifiwa mbele za watu. Kichwa kikavimba. Leo nikikumbuka sifa zile natamani kutema mate.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, sabuni ikiwa ya kutafuta na dawa za minyoo zikija kwa bahati. Wilaya ilipata makasha machache tu, hayakutosha hata robo ya vijiji. Ikaamuliwa tupime choo kikubwa kwanza, kijiji kwa kijiji, na vijiji vyenye wastani mkubwa ndivyo vipewe. Kimoja cha vijiji hivyo kilikuwa kule Geita kwenye machimbo, upande wa Rwamgasa, na huko ndiko alikoolewa dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufa.

Nilipofika na vikombe vya kukusanyia choo alikuwa anarudi kutoka mtoni, miguu mitupu, karai kichwani. Wanawake wa pale walikuwa wakiosha mchanga wa dhahabu kando ya mashimo, na wachimbaji hawakuwa na choo kingine zaidi ya vichaka vya hapohapo. Udongo ule haukauki kamwe. Safura haihitaji zaidi ya hapo: mayai yanaanguliwa kwenye unyevu, vijidudu vinapenya ngozi ya mguu, halafu minyoo inakaa tumboni kunyonya damu.

"Shikamoo dada," nikamwambia.

"Marahaba. Umekonda," akasema yeye, ambaye viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Alikuwa na mimba ya miezi mitano hivi. Alichomoa kipande cha udongo kwenye pindo la khanga akaking'ata. Nikamtania kwamba atazaa tofali. Nilikuwa mtu wa maabara, nilijua fika kwamba mtu aliyepungukiwa damu hutamani udongo, na bado nikatania.

Vikombe vilikuwa na namba tu, majina yalikaa kwenye daftari la mwenyekiti wa kijiji. Nilivipima vyote kwa siku mbili. Vingi havikuwa na yai hata moja. Vingine vilikuwa na mawili, matano, kumi. Na vichache, vya kuhesabika kwa vidole, nikaviandika "zaidi ya 100" kwa mwandiko wangu mzuri, nikatia formalini, dawa ya kuhifadhi, kwenye masalio na kuvipanga kabatini. Mkuu akapiga wastani wake. Ukatoka mdogo. Kijiji kikaandikwa "maambukizi hafifu" na dawa zikaenda kwingine. Nilimpelekea dada salamu kwa dereva wa lori la pamba: mambo yenu ni nafuu, msiwe na wasiwasi.

Miezi mitatu baadaye akaja mtaalamu wa takwimu kutoka chuo kikuu, mtu mfupi, mpole, aliyebeba chakula chake mwenyewe kwenye hotpoti. Alikaa na daftari letu asubuhi nzima. Kisha akaniita.

"Hawa wa zaidi ya mia wako wapi kwenye wastani?"

Nikamweleza sheria ya mkuu. Akavua miwani.

"Ndugu yangu," akasema, "minyoo haigawanyiki kwa watu kwa bahati nasibu tu. Ingekuwa hivyo, kipimo cha mtawanyiko kingekaribiana na wastani, na wengi wangekuwa na minyoo inayolingana idadi. Lakini kila mahali tunapopima, mtawanyiko unauzidi wastani mbali sana. Wengi hawana kitu au wana michache, na wachache wamebeba karibu yote. Mmoja anakanyaga udongo mchafu kila siku, mwingine mwili wake haujui kujikinga, na hata ukimtibu, mara nyingi ni huyohuyo anayejaa tena." Akachora nyuma ya kalenda mstari ulioanza juu sana penye sifuri, ukashuka ghafla, kisha ukaburuza mkia mrefu kwenda kulia. Akasema mstari huo unaitwa mgawanyo wa binomia hasi na unaelezwa kwa namba mbili: wastani, na nyingine wanayoiita k. Kadiri k inavyokuwa ndogo, ndivyo mzigo ulivyorundikwa kwa watu wachache. "Ninyi mmekata mkia. Mmewatoa wagonjwa, mkawapima wazima, mkasema kijiji kizima ni kizima."

Mkuu alikuwa mlangoni, akisafisha kucha kwa kijiti. Akasema fomu hazina nafasi ya tarakimu nne.

Nilifungua kabati nikahesabu upya, safari hii bila kusimama. Kikombe cha arobaini na moja kilinichukua muda hadi macho yakatoa machozi. Nilipita mia, nikapita mia tano, nikapita elfu. Nilipolinganisha namba na daftari la mwenyekiti, nikasoma jina la dada yangu. Nilisoma mara ya pili nikiomba Mungu liwe la mtu mwingine.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliubeba mzigo wa dada yangu mkononi, ndani ya kikombe kimoja, na sikuhisi uzito wowote.

Yule mtaalamu alinipa vidonge vya minyoo na vya damu kutoka akiba yake mwenyewe, vya kutosha wale wachache wote wa kijiji kile. Hakukuhitajika kasha zima, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nikaazima baiskeli, nikaondoka alfajiri.

Nilikuta watu wamekaa chini nje ya nyumba, nami nikajua kabla sijashuka. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake. Hakutokwa damu nyingi, mkunga aliniambia, damu ambayo mwanamke mwingine angeimudu. Yeye hakuwa na ya kumwaga. Alizikwa jana yake, na mtoto pembeni yake.

Niliwagawia wale wengine dawa, kwa namba na kwa jina. Wote walipona. Mmoja wao yu hai bado, ananisalimu kwa heshima tukikutana sokoni.

Mama mkwe wa dada alinikalisha kwenye kigoda, akaniletea maji ya kunawa. Alikuwa Msukuma wa kale, Kiswahili chake kizito.

"Mayu," akasema taratibu, yaani mama kwa Kisukuma, kama mtu anayeongea na marehemu. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, walituambia kijiji chetu hakina ugonjwa. Wewe unafanya kazi hukohuko. Nani alihesabu?"

Nilinawa mikono, polepole, mpaka maji yakaisha kwenye kata.

"Wataalamu, mama," nikamjibu. "Kutoka Dar es Salaam."

Akatikisa kichwa, akanishukuru kwa kuleta dawa, akaenda kunichinjia kuku.