Shairi la Kuwaambia Watoto Wasilie

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hapa Mulongwe jirani wananiita Pazia. Direktrisi, mkuu wa shule ya msingi, aliponiomba shairi la kupokea watoto wa mwaka wa kwanza, niliandika kwa majivuno, maana binti yangu Neema alikuwa anaanza siku hiyo. Mke wangu akanicheka: "Weye ndiye utalia." Mimi?

Niliweka mishororo mifupi, yenye urefu mmoja, mtoto aishike akiisikia mara moja:

Karibu, rafiki yangu,
kaa kwenye benchi yangu.
Usilie, tuko wote,
tutacheza siku zote.

Siku ikafika, niko mbele ya darasa: mimi nasema mshororo, watoto wanaurudia kwa makofi. Tukaenda vizuri mpaka mshororo wa benchi. Hapo nikamwona Neema anacheka na rafiki mpya, hanitazami hata kidogo.

"Usi..." Sauti ikakatika.

"Usi!" watoto wakarudia, na makofi.

Nikapiga kwikwi. Wakairudia nayo, vizuri kabisa.

"Papa Neema, iko nini?" direktrisi akauliza.

"Vumbi tu."

"Iko analia!" Neema akatangaza. Akapanda juu ya benchi, akaninyooshea kidole, akaongoza mwenyewe kama alivyonisikia nikijifunza nyumbani, na darasa zima likamfuata bila kukosea:

"Usilie, tuko wote, tutacheza siku zote!"