Simenti Iliyobaki

Watu wengi wanaogopa simenti ikiisha kabla ya kazi. Mie naogopa ikibaki.

Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Tabata. Sijasomea ujenzi popote. Nilianza kwa kufagia pale dukani, nikawa nasikiliza mafundi wanavyobishana, nikiona mtu anapiga hesabu namkalia pembeni mpaka anifafanulie. Asiponifafanulia namkera mpaka achoke. Hivyo ndivyo nilivyojua kokoto, mchanga na nondo, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mtu akija anacheka anasema "fundi wangu mzuri, kanibakishia mifuko", huyo ni wa kuonewa huruma.

Sasa mamdogo wangu, aliyenilea toka nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, akachimba shimo la choo kwenye kiwanja chake cha Pugu. Yeye ni mwalimu. Jioni watoto wa mtaa wanakuja kwake tuisheni, na uwanja wa kuchezea wakishachoka kusoma ni huohuo wenye shimo. Kwa hiyo ule mfuniko wa zege ndio utakaokuwa chini ya miguu yao kila siku. Kwangu ile haikuwa kazi ya ujenzi. Ilikuwa shingo ya mamdogo. Mfuniko ukikatika, nani atamwelewa?

Hesabu nilimpigia mwenyewe. Mfuniko mita nne kwa tatu, unene sentimita kumi na tano. Ukizidisha unapata mita za ujazo moja nukta nane. Wengi wanaishia hapo, halafu wanaishiwa vifaa katikati. Zege likiloa linajipanga, mchanga unaingia kwenye nafasi za kokoto, simenti inaingia kwenye nafasi za mchanga, kile kirundo kikubwa kinanywea. Kwa hiyo unazidisha tena kwa moja nukta tano nne, inakuja mbili nukta saba saba ya vitu vikavu. Mchanganyo ni moja, mbili, nne. Jumla mafungu saba. Gawa kwa saba, fungu moja ni kama nukta nne hivi, na hiyo ndiyo simenti. Mfuko mmoja una ujazo wa lita thelathini na tano. Inakuja mifuko kumi na moja na kidogo, tukanunua kumi na mbili. Mchanga ni mafungu mawili, kokoto manne, na vyote viliteremshwa na lori vikiwa vingi, vya kubaki.

Mamdogo mwenyewe ndiye aliyemtafuta fundi. Ni mtu wa kanisani kwao, anaimba besi kwaya, anaongea taratibu kama anampooza mgonjwa. Mie mtu anayeongea taratibu sana simwamini. Nilimwambia mamdogo, akanijibu, "Wewe hata malaika ungemuomba kitambulisho." Kweli ningemuomba.

Siku ya kumwaga zege niliomba ruhusa dukani. Nilifika jua limeshapanda kidogo, nikakuta vibarua wawili wanageuza zege kwa machepe, fundi yuko juu ya mbao anasawazisha. Karibu nusu ya mfuniko ilishamwagwa. Mamdogo yuko jikoni anawachemshia chai.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba dada. Karibu, umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kuwasalimia."

Uongo. Nilikuwa nishaanza kuhesabu. Mifuko mitupu, mitatu. Mizima penye kuchanganyia, mitano. Nikaangaza macho, nikaona turubai pale karibu na geti limefunika kitu. Nikalifunua kama natafuta kivuli. Mifuko minne.

Mitatu, mitano, minne. Kumi na mbili. Haujaibiwa hata mmoja. Lakini roho yangu haikutulia, ilizidi kupanda. Nusu ya kazi imetumia mitatu? Ilipaswa iwe mitano imekaribia sita. Na hii minne inafanya nini getini, tena kwenye njia ya kutokea?

"Fundi, hii simenti ya huku ya nini?"

"Nimeiweka isiloe, dada. Mvua siku hizi haibishi hodi."

"Mvua ya wapi leo?"

Kibarua mmoja, mrefu, akacheka. "Huyu sista ni polisi?"

"Polisi wangekuja na pingu," nikamwambia. "Mie nimekuja na macho."

Mamdogo akatoka na birika, akanikata jicho. "Hujafika vizuri ushaanza. Fundi, msamehe, huyu damu yake inachemka."

"Hamna shida Mwalimu. Na nina habari njema, simenti itabaki kama mifuko sita. Utapigia plasta."

Mamdogo akafurahi mpaka akamwongezea sukari. Mie nikakaa juu ya tofali, nikanyamaza, na mie nikinyamaza ujue kuna jambo. Nilitaka kuona mkono wa mtu unavyofanya kazi wakati hajui anaangaliwa.

Yule mrefu akaleta toroli ya mchanga, imejaa imechongoka. Akamwaga. Akaleta ya pili, akamwaga. Mwenzake akapasua mfuko mmoja wa simenti juu yake. Wakageuza. Kisha kokoto: toroli moja, mbili, tatu, nne. Halafu maji.

Nikasimama. "Simama hapohapo! Ni nini hicho mnachofanya?"

Fundi akageuka. "Moja, mbili, nne, dada. Si ndiyo uliyosema wewe kwa Mwalimu? Mfuko mmoja, toroli mbili za mchanga, nne za kokoto. Umehesabu mwenyewe kwa macho yako."

Na ni kweli, nilihesabu. Moja, mbili, nne, sawasawa kama kwenye karatasi. Pale ndipo nilipopata kizunguzungu, maana mtu akikuibia unamshika shati, sasa huyu ananiibia kwa hesabu yangu mwenyewe. Au haniibii? Nilimwangalia usoni sikupata kitu. Uso umetulia kama maji ya mtungi.

"Moja ya nini, fundi? Moja ya mfuko na mbili ya toroli, hivyo ni vipimo viwili tofauti! Mfuko wako na toroli yako vinalingana?"

"Wote tunafanya hivi."

"Sijauliza wote. Nauliza vinalingana?"

"Dada, mie nimemwaga zege kabla wewe hujaota meno."

"Basi haya, leta ndoo!"

Nilichukua mwenyewe ndoo ya lita ishirini. Nikapasua mfuko mmoja, nikamimina. Ndoo ya kwanza ikajaa, ya pili ikafika robo tatu, mfuko ukaisha. Nikamwambia yule mrefu ajaze toroli ya mchanga kama alivyokuwa anajaza. Tukaitoa kwa ndoo hiyohiyo. Moja. Mbili. Tatu, na bado mchanga mwingine chini.



"Mfuko ni ndoo moja na robo tatu," nikasema. "Mchanga wake ni mara mbili, ndoo tatu na nusu. Kokoto mara nne, ndoo saba. Nyie mmeweka mchanga ndoo sita na zaidi, kokoto kumi na mbili na zaidi. Hiyo siyo moja mbili nne. Hiyo inakaribia moja nne nane! Simenti haijabaki, fundi. Imekosekana mle ndani."

Nilionesha ile nusu ya mfuniko inayong'aa maji juani. Mamdogo aliweka birika chini. Yeye ni mwalimu wa hesabu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Fundi akasema kwa ile sauti yake ya kupooza wagonjwa, "Basi tufanye hivi. Hizi simenti zilizopo tunazirashia juu, tunasugua vizuri, juu kutakuwa kugumu kama chuma."

"Poda haiponyi mfupa, fundi! Juu kutang'aa, chini kutakuwa ugali. Lote linatoka."

"Dada, hilo zege lina nondo. Nondo ndiyo inabeba."

"Nondo inabebwa na nini zege likipukutika? Lote linatoka!"

"Mwalimu," akamgeukia mamdogo, "huyu mtoto ananivunjia heshima mbele ya vijana wangu."

Nilijua mamdogo atamwonea aibu, jinsi walivyo watu wa kanisa, kila kitu kimezungukwa na pole na samahani. Nikajiandaa kumgombeza hata yeye. Lakini aliuliza kitu kimoja tu, polepole.

"Fundi, ulikuwa unajua?"

"Mwalimu, hivi ndivyo nilivyofundishwa."

Nilikuwa bado namwangalia macho. Yakaenda getini kwenye lile turubai, yakarudi. Labda yalienda kwa sababu nilikuwa nimesimama upande huo. Sijui. Mpaka leo sijui.

Kisha yule kibarua mrefu, ambaye hakujua kunyamaza kama mie, akasema, "Fundi, si hata shimo la kwako tulimwaga hivihivi? Kwa toroli?"

Fundi aliteremka kwenye mbao, akashika chepe, akaanza kuchota lile zege mwenyewe, bila kumwambia mtu amsaidie. La mwanzo lilishaanza kushikana, likawa linatoka mabonge mabonge. Tukamfuata wote. Mie na kanga yangu kiunoni, mamdogo na viatu vyake vya shuleni. Tulilimwaga kwenye njia ya kuingilia, huko hata likivunjika halimuui mtu. Nondo tukazisugua kwa brashi ya waya na maji mpaka zikawa safi. Mifuko minne iliyopungua nikaagiza kwa bodaboda, na ile minne ya getini nikaibeba mmojammoja mwenyewe kurudisha ndani. Sikutaka mtu mwingine aiguse.

Tukaanza upya kwa ndoo. Simenti mfuko mmoja, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, zote zimekatwa juu kwa ubao, hakuna kuchongoka. Nilisimama pale nahesabu kwa sauti. Vibarua wakaanza kunifuatisha kwa kebehi kama watoto wa darasa la kwanza, "mojaaa, mbiliii", nami nikawaacha, bora wahesabu. Kazi ilivyoisha, mfuko wa mwisho ulikuwa umeshapasuliwa na ndani hakikubaki hata kiganja.

Fundi alinawa miguu, akaaga. Mamdogo alimshika mkono kama kawaida. Mie sikumpa. Akaniuliza tu, bila kuniangalia, "Ndoo ya lita ishirini, siyo? Siyo ile ndogo?"

"Ishirini. Saba kokoto, tatu na nusu mchanga."

"Na lililokwisha kukauka, linafanywaje?"

"Linavunjwa."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka na toroli yake tupu. Jumapili iliyofuata hakuonekana kwaya. Mamdogo alisema anaumwa. Mie nikasema amekwenda kutafuta mteja mwingine. Hatukubishana sana, kila mtu akabaki na lake.

Mfuniko tuliumwagilia asubuhi na jioni na kuufunika magunia mpaka mamdogo akasema sasa nitauotesha mchicha. Sasa hivi watoto wa tuisheni wanaruka kamba juu yake, mie nakaa mlangoni natafuta nyufa. Hakuna. Mamdogo ananiambia nipumzike.

Lakini mie nikitoka pale kwenda kituoni, nikipita kwenye viwanja vya watu, naona mifuniko ya zege, mingine mipya, mingine imeanikwa nguo, mingine mtu kaweka kiti ananyoa watoto. Nani alimwaga? Kwa toroli au kwa ndoo? Naikwepa yote. Majirani wanadhani naringa.