Fundo Tupu la Kitenge cha Nsimire

Nsimire alikuwa mwanamke wa fundo. Chochote asichotaka kukipoteza alikifunga kwenye pindo la kitenge chake, kama walivyofanya mama zetu kabla dunia haijakabidhiwa mashine. Nilipohamia Minto, huku ughaibuni, nikawa jirani yake wa ukuta mmoja, na fundo hilo lilikuwa na ufunguo, sarafu chache na betri za masikio yake.

Masikio ndilo jina alilovipa vifaa vyake vya kusikia. Vya kwanza vilitumia betri bapa, ndogo kama punje ya dengu. Kila betri ilikuja na kibandiko. Ukikibandua hewa inaingia, betri inaamka, na tangu hapo inakwisha taratibu hata usipoitumia. Kukirudisha kibandiko hakusaidii. Kwa Nsimire betri moja ilidumu kama juma. Ilipokaribia kufa, kifaa kilimlilia sikioni, naye alifungua fundo akabadilisha palepale, awe kwenye treni au kanisani katikati ya mahubiri.

"Wewe ukiishiwa unalala," alinitania. "Mimi nikiishiwa nafungua nguo."

Alikuwa akisubiri neno moja. Mwaka tisini na sita, walipokimbia vita, mtoto wake wa kwanza alifariki njiani. Nsimire alikuwa na homa, akabebwa mbele na wengine. Dada yake mkubwa, Léonie, ndiye aliyebaki nyuma kumzika mtoto, peke yake. Léonie aliona si vema mama ambaye bado anazaa aonyeshwe kaburi la mtoto. Miaka ilipita, uzazi ukakoma, Nsimire akaletwa huku na binti yake Chibalonza. Alipouliza kwa simu, Léonie alimjibu, "Kaburi halisemwi kwenye simu. Njoo nikushike mkono nikupeleke."

Mimi nilimwelewa Léonie. Siku hizi watu wanatangaza hata misiba kwa picha ya mshumaa kwenye skrini. Nsimire aliweka akiba, akakata tiketi ya mwaka elfu mbili na ishirini. Halafu korona ikafunga anga.

Ndani ya kufungiwa huko, mjukuu wake Bruno, wa miaka miwili, alikuwa akishinda mapajani mwake. Mchana mmoja Chibalonza alirudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee anakowatunza, akamkuta bibi amesinzia, fundo limefunguka, na Bruno anatafuna kitu. Alikitoa kwa kidole. Ilikuwa betri. Kwa kuwa hakujua kama kulikuwa na nyingine iliyokwisha kushuka, hakungoja mtoto alie wala akohoe. Alimkimbiza hospitali ya Campbelltown akapigwa picha. Tumbo na koo vilikuwa safi. Daktari alimwambia betri ya namna hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama kwa saa chache, hata ile unayodhani imekwisha.

Chibalonza aliporudi alizipeleka betri zote kwenye pipa la kukusanyia la dukani, nzima na zilizokufa.

"Mama, ningemzika kwa ajili ya fundo lako," alisema. Nilimsikia kupitia ukuta.

Kuzika mtoto halikuwa neno la kumwambia Nsimire.

Kliniki ikampa masikio mapya, ya kuchaji. Usiku unayalaza kwenye kisanduku kilichochomekwa ukutani, saa tatu au nne yameshiba, asubuhi unayavaa hadi usiku. Hakuna kitu kidogo cha kutoka mkononi mwa mzee kuingia kinywani mwa mtoto. Siwezi kusema Chibalonza alikosea. Ila niliona jinsi Nsimire alivyokitazama kile kisanduku: maisha yake sasa yalikuwa yamefungwa kwenye waya wa mtu mwingine.

Léonie aliugua Goma majira yetu ya baridi ya mwaka uliofuata. Mapafu. Hospitali haikuruhusu ndugu kuingia. Muuguzi mmoja, Katungu, alimshikia simu. Siku nzima Nsimire alikaa na simu ikiongea moja kwa moja ndani ya masikio yake, jambo linalokula chaji haraka, akingoja dada apate pumzi. Hakuipata. Jioni aliyalaza kwenye kisanduku yakiwa karibu kuisha. Usiku upepo uliangusha mkaratusi juu ya nyaya, mtaa mzima ukazima. Kisanduku kile hakikuwa na betri ndani yake. Masikio yalilala na njaa.

Asubuhi Katungu alipiga. "Mama yuko macho. Anataka kusema na mdogo wake, sasa."

Nsimire aliyavaa masikio. Nilikuwa uani, upande wangu wa uzio, nao walikuwa wametoka nje kutafuta mtandao: yeye, Bruno, na Clarisse, mjukuu wa miaka kumi na miwili aliyeshika simu. Léonie alimsalimu kwa Mashi, lugha ya kwao. Nsimire aliitikia. Kisha nikamwona anashika sikio la kulia, halafu la kushoto.

"Yamekufa," alisema.

Sauti ya Léonie iliendelea kutoka kwenye simu, nyembamba, ikikatwa na pumzi. Clarisse hajui Mashi. Mimi ni mtu wa Kalemie, sijui Mashi. Katungu ni Mnande, kabila jingine, naye hajui.

"Koko, sema Kiswahili!" Clarisse alimlilia bibi yake huyo kwenye simu. Léonie hakusikia, au hakuwa na nguvu ya kubadili lugha. Alisema maneno marefu, kwa utaratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Nsimire alitazama midomo ya mjukuu wake kana kwamba angeyasoma hapo. Mkono wake ulikwenda kwenye pindo la kitenge, ukalifinya. Hapakuwa na kitu.

"Amechoka," alisema Katungu. "Mwacheni apumue. Pigeni tena baada ya nusu saa."

Clarisse alikileta kisanduku nje, akakigeuza, akaniita juu ya uzio. "Mzee Masumbuko, waya huu ni kama wa simu. Gari yako ina chaji?"

Ilikuwa nayo. Nilitoka nje, nikawasha injini, nikawaachia milango wazi, nikasimama mbali, nimevaa barakoa. Taa ndogo ya kisanduku ikawaka. Nusu saa ingetosha kwa saa kadhaa za kusikia. Nsimire alikaa kiti cha mbele akikipakata kile kisanduku kwa mikono miwili, kama unavyompakata mtoto mchanga.

Nusu saa ilipokwisha aliyavaa. "Nasikia injini," alisema.

Clarisse akapiga. Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, Katungu alisema polepole, kwa Kiswahili safi, na Nsimire alisikia kila neno.

"Mama ametutoka."

Umeme ulirudi jioni. Siku zilizofuata Chibalonza alinunua betri za masikio ya zamani, akaziweka kwenye mkebe wa kifuniko kigumu, juu kabatini, penye kufuli. Zilizotumika zinafungwa kwa utepe na kurudi humohumo hadi zipelekwe dukani. Ya kuchaji kwa kila siku, ya betri kwa siku ya giza. Ni mpango mzuri, na mkebe haufikiwi na Bruno.

Juzi nilimkuta Nsimire uani, amevaa masikio yake.

"Baba Masumbuko, kweli hujui Mashi hata kidogo?"

"Sijui, mama."

"Chibalonza naye nilimlea kwa Kiswahili, kambini. Léonie ndiye alikuwa wa mwisho kuzungumza nami Mashi."

Aliyavua, akaingia ndani akayalaza kwenye kisanduku, adhuhuri, ingawa yalikuwa yameshiba.