Viwanja Kumi na Viwili

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shule ikaniishia darasa la pili. Nikapelekwa Mungaa kuchunga ng'ombe wa watu kwa malipo ya maziwa na mahali pa kulala. Sioni aibu kusema. Nasoma kwa shida, lakini shamba langu la Ikungi, kando ya lami, nililinunua kwa kuku na alizeti. Sikurithi hata kichaka.

Lilikuwa la ekari mbili: mita sitini na nne upande wa lami, mia moja ishirini na sita kwenda nyuma mpaka njia ya ng'ombe. Nyumba yetu iko ng'ambo ya njia hiyo. Mji ulipotufikia, niliamua kulikata viwanja niuze, na sababu ilikuwa moja tu. Mke wangu alikuwa amebeba maji kichwani miaka yote ya ndoa yetu, na sasa magoti yalikuwa yamegoma. Nilimwahidi kisima cha kuchimbwa kwa mashine, hapo hapo uani.

Nilikata mwenyewe kwa kamba na vigingi. Katikati niliacha njia ya mita mbili. Mimi nimekua na ng'ombe, napima kwa ng'ombe: akipita mmoja na mtu akapishana naye, njia imetosha. Mwishoni niliiziba kwa viwanja viwili, ili nifikishe kumi na vinne. Bei nikaweka moja kwa vyote, nisigombane na mtu.

Mwenyekiti wa kitongoji akaniambia siwezi kuuza mali ya ndoa bila mke kuridhia na kusaini. Nikacheka. Nikamwita mama, yaani mke wangu, aje asaini.

"Sisaini," akasema. "Kwanza kafunge maksai kwenye mkokoteni."

"Wa nini?"

"Leo mimi ni saruji. Nipeleke kiwanja cha nyuma."

Akapanda, akakaa katikati ya mkokoteni na kanga yake, mzito kama mifuko yenyewe. Tukaingia. Gurudumu la kushoto likang'oa kigingi, la kulia likang'oa kingine. Tulipofika mwisho, mbele kuna kiwanja, kushoto kiwanja, kulia kiwanja.

"Haya, tugeuze," akasema.

"Hapageuziki."

"Basi rudisha nyuma."

"Mama, unajua maksai hawarudi nyuma!"

"Najua. Na lori la mchanga je, baba? Litashuka mbinguni?" Mwenyekiti alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. Mke wangu hakucheka. "Utauza viwili vya lami, basi. Hela itachimba nusu ya shimo, na mimi nitachota matope."

Ilibidi nifungue maksai na kuusukuma mkokoteni kwa mikono, yeye akiwa bado juu. Alikataa kushuka. Saruji haitembei, alisema.

Wiki iliyofuata nilimleta mpima ardhi wa halmashauri, binti mdogo mwenye buti kubwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kuninyang'anya ardhi?"

"Nimekuja kukuuzia, babu. Mtu hanunui kiwanja asichoweza kukifikia."

Akachora barabara ya mita nane, kutoka lami moja kwa moja mpaka njia ya ng'ombe, isizibwe popote. Kila upande zikabaki mita ishirini na nane. Akagawa mita ishirini na moja moja, vikatoka viwanja sita huku na sita kule. Viwili vyangu vikafa. Roho iliniuma, sifichi. Mchoro ukapelekwa halmashauri, ukaidhinishwa, ndipo mawe ya mipaka yakachimbiwa.

Bei tulipanga na mama jikoni. Viwili vya lami, milioni sita kila kimoja, maana pale mtu anajenga duka. Vya katikati, tatu na nusu. Vya mwisho vinapakana na njia mbili, vikawa vya milioni nne, isipokuwa kimoja chenye jiwe kubwa mgongoni. Hicho mama alisema mbili na nusu.

"Unakitupa," nikasema.

"Anayekinunua atalipia kulipasua. Mwachie hela ya nyundo."

Siku hiyo alisaini kwa herufi kubwa, nzuri kuliko zangu. Yeye alifika la saba, hanifichi hilo. Fundi mawe alichukua kile chenye jiwe ndani ya wiki moja, akalipasua, akajengea msingi. Vingine vikafuata.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne. Nina kisima chenye pampu na tangi, na bomba uani ambalo mke wangu hulifungua hata asipohitaji maji. Nina ekari sita za alizeti Sepuka, ng'ombe kumi na mmoja, maksai wawili, mkokoteni mmoja. Viwanja nimebakiza kimoja, cha katikati, na hati yake ina jina la mama. Barabara ya mita nane si yangu. Ni ya kila anayepita.